Notisi ya Kuondoka Ofisini: Kifungu, Tarehe na Hali ya Chumba

Notisi ya kusitisha pango la ofisi ni barua ambayo mpangaji humwandikia mwenye jengo kumjulisha mambo matatu: mkataba unasitishwa kwa kifungu gani, mpangaji atatoka siku gani, na chumba kitarudishwa kikiwa katika hali gani. Mara nyingi barua yenyewe haijazi hata ukurasa mmoja. Tofauti yake na barua nyingine za ofisini ni kwamba haiombi kitu. Barua ya maombi husubiri kukubaliwa, na isipojibiwa mwombaji hubaki alipokuwa. Notisi iliyoandikwa sawasawa hufanya kazi hata kama mwenye jengo amekaa kimya, kwa kuwa alikwisha kuikubali siku alipotia sahihi mkataba wenye kifungu hicho. Kwa sababu hiyo hiyo, notisi iliyokosewa haina wa kuihurumia. Mpangaji huhama, hufungua ofisi mpya, kisha hudaiwa pango la chumba ambacho hayumo.

Jambo la kwanza kutafuta ni kama haki ya kuondoka ipo. Watu wengi wa mjini huamini kwamba mpangaji yeyote anaweza kuondoka baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja. Imani hiyo imetokana na vyumba vya kuishi vya mwezi kwa mwezi, na kwa ofisi yenye mkataba wa muda maalumu si kweli. Mkataba wa miaka mitatu usiosema lolote kuhusu kusitishwa katikati unamfunga mpangaji kwa miaka mitatu. Akitaka kutoka kabla, hana notisi ya kuandika. Ana mazungumzo ya kufanya: kumwomba mwenye jengo apokee chumba mapema kwa maridhiano, au kumtafuta mpangaji mwingine wa kuchukua nafasi yake ikiwa mkataba unaruhusu. Makubaliano ya namna hiyo yanahitaji sahihi za pande zote mbili. Notisi huandikwa na upande mmoja tu, na ndiyo maana lazima iegemee kifungu.

Kwa wasio na mkataba wa maandishi, au waliobaki ofisini baada ya mkataba kuisha huku mwenye jengo akiendelea kupokea pango, sheria inajaza pengo hilo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huuhesabu upangaji wa namna hiyo kuwa wa vipindi, na kila upande unaweza kuusitisha kwa notisi isiyopungua urefu wa kipindi kimoja, tena iishe siku ambayo pango linapaswa kulipwa. Anayelipa kila mwezi hutoa notisi ya mwezi. Anayelipa kwa robo mwaka hutoa ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 ina kanuni inayofanana na hiyo.

Mikataba ya ofisi mingi, hata hivyo, ina kifungu chake. Mfano wa ofisi moja ndogo ya uhasibu jijini Dar es Salaam unatosha kuonyesha jinsi kinavyofanya kazi. Ofisi hiyo imepanga chumba kimoja kikubwa kwenye ghorofa ya pili, kwa miaka mitatu kuanzia tarehe 1 Machi 2024. Pango ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, nalo hulipwa kwa robo, yaani shilingi 3,600,000 kila tarehe 1 Machi, 1 Juni, 1 Septemba na 1 Desemba. Amana, ambayo wengi huiita dipoziti, ni pango la miezi miwili: shilingi 2,400,000. Wahasibu hao wamepata chumba kidogo na cha bei nafuu mahali pengine, nao wanataka wawe wametoka mwisho wa Novemba 2025.

Kifungu cha 11.2 cha mkataba wao kinasema kwamba, baada ya mwaka wa kwanza, upande wowote unaweza kuusitisha mkataba kwa notisi ya maandishi ya muda usiopungua miezi mitatu, na kwamba notisi hiyo itaisha siku ya mwisho ya robo ya pango. Sentensi hiyo moja ina masharti manne, na kila moja linatosha kuiangusha notisi. Mwaka wa kwanza uwe umepita. Notisi iwe ya maandishi. Muda usipungue miezi mitatu. Na mwisho wake uangukie siku ya mwisho ya robo, ambayo kwa mkataba huu ni 31 Mei, 31 Agosti, 30 Novemba au siku ya mwisho ya Februari.

Sharti la nne ndilo linaloponza wengi, kwa kuwa macho huishia kwenye miezi mitatu. Msomaji wa haraka huona kwamba akitoa notisi katikati ya Septemba atatoka katikati ya Desemba. Kwa mkataba huu hatoki. Notisi ya katikati ya Septemba haiwezi kuisha tarehe 30 Novemba kwa kuwa miezi mitatu haijatimia, na haiwezi kuisha katikati ya Desemba kwa kuwa hapo si mwisho wa robo. Inasukumwa mpaka 28 Februari 2026.

Hesabu yenyewe huanzia siku notisi ilipopokelewa. Tarehe iliyochapwa juu ya barua haianzishi chochote. Siku ya kupokelewa haihesabiwi. Miezi huanza kesho yake na kutimia kwenye tarehe inayolingana na ile ya mapokezi. Notisi iliyopokelewa tarehe 28 Agosti hutimiza miezi mitatu tarehe 28 Novemba, na hivyo inaweza kuisha salama tarehe 30. Ikipokelewa tarehe 1 Septemba, itatimiza miezi mitatu tarehe 1 Desemba, siku moja baada ya robo kufungwa. Katika mwaka huo tarehe 31 Agosti ni Jumapili. Mhasibu anayeiacha barua mezani Ijumaa jioni ili aipeleke Jumatatu asubuhi atakuwa ameichelewesha kwa siku moja, na siku hiyo moja itaigharimu ofisi yake robo nzima, yaani shilingi 3,600,000. Busara ni kuipeleka wiki mbili au tatu kabla, kwa kuwa hakuna kifungu kinachomwadhibu mpangaji kwa notisi ndefu kuliko inavyotakiwa.

Mahakama za Uingereza zilipata kesi mashuhuri ya siku moja kama hiyo. Mpangaji wa majengo ya London, kampuni ya Mannai, alikuwa na haki ya kusitisha mikataba yake tarehe 13 Januari 1995, lakini notisi zake zikaandikwa tarehe 12 Januari. Mwenye jengo, Eagle Star, akadai hazifai. Mwaka 1997 baraza la juu la majaji, kwa kura tatu dhidi ya mbili, liliamua kwamba notisi zilikuwa halali, kwa kuwa mpokeaji yeyote mwenye akili timamu na aliyeujua mkataba angeelewa kwamba tarehe ilikosewa tu. Lakini Jaji Hoffmann, aliyekuwa upande wa mpangaji, aliongeza mfano ambao wanasheria bado wanaukumbuka: kama mkataba ungetaka notisi iandikwe kwenye karatasi ya bluu, basi karatasi ya waridi isingefaa, hata maneno yake yangekuwa wazi namna gani. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Afrika Mashariki, ingawa mawakili huweza kuutaja. Unachofundisha ni mpaka ulipo. Kosa la kalamu laweza kusamehewa pale maana inapokuwa dhahiri. Sharti la mkataba lisilotimizwa halisameheki. Tena kampuni ile ilihitaji kupanda ngazi zote za mahakama ili isamehewe siku moja, gharama ambayo ofisi ndogo ya uhasibu haiwezi kuibeba.

Kabla ya kuandika, wahasibu wetu wana kifungu kingine cha kusoma, kile kinachosema notisi hupelekwa kwa nani na kwa njia gani. Kwa kawaida hukaa mwishoni mwa mkataba, mahali ambapo msomaji amekwisha kuchoka. Chao ni cha 17, nacho kinataka notisi ipelekwe kwa mkono au kwa posta ya rejista kwenye anwani ya mwenye jengo iliyotajwa ukurasa wa kwanza. Basi ujumbe wa WhatsApp hautoshi, hata ukionyesha alama mbili za bluu. Barua pepe haitoshi pia, ingawa si vibaya kutuma nakala kwa njia hiyo ili mwenye jengo aione mapema. Mlinzi wa getini si mpokeaji, na dalali aliyewatafutia chumba hana mamlaka yoyote siku hizi. Jina la kuandikiwa ni lile lililo kwenye mkataba: kama ni kampuni, iandikiwe kampuni, si mkurugenzi anayefahamika kwa jina lake la mtaani. Na pale mwenye jengo anapokuwa amefariki, jambo ambalo kwenye majengo ya familia hutokea mara nyingi, notisi huelekezwa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kumpa mtoto mkubwa wa marehemu kwa sababu ndiye huja kuchukua pango ni kualika ndugu wengine waseme hawakujulishwa.

Barua hupelekwa ikiwa nakala mbili. Moja hubaki kwa mwenye jengo, ya pili hurudi ikiwa na neno "imepokelewa", tarehe, jina la aliyepokea, sahihi yake na muhuri kama upo. Nakala hiyo ya pili ndiyo uthibitisho wa siku ambayo hesabu ilianza. Aliyekataa kutia sahihi hapaswi kugombezwa. Barua hupelekwa posta kwa rejista siku hiyo hiyo na risiti yake kutunzwa, na ndiyo sababu nyingine ya kutosubiri wiki ya mwisho.

Notisi ya wahasibu hao, ikiandikwa kwa mtindo wa barua za kiofisi unaofahamika Tanzania, inaweza kusomeka hivi:

Kumb. Na. 14/2025
27 Agosti 2025

YAH: NOTISI YA KUSITISHA MKATABA WA PANGO, CHUMBA NA. 6, GHOROFA YA PILI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunarejea mkataba wa pango wa tarehe 1 Machi 2024 kati yetu na ninyi. Kwa mujibu wa kifungu cha 11.2 cha mkataba huo, tunawapa notisi kwamba tunausitisha mkataba huu, nao utaisha tarehe 30 Novemba 2025, ambayo ni siku ya mwisho ya robo ya pango. Endapo kwa sababu yoyote mkataba hauwezi kuisha siku hiyo, utaisha siku ya kwanza inayofuata inayoruhusiwa na kifungu hicho.

Pango limelipwa hadi 31 Agosti 2025. Pango la robo ya mwisho, 1 Septemba hadi 30 Novemba, litalipwa kwa tarehe yake.

Tutakabidhi chumba kikiwa kitupu na kisafi kwa mujibu wa kifungu cha 8.4, tukizingatia orodha ya hali ya chumba iliyosainiwa na pande zote mbili tarehe 1 Machi 2024. Kuhusu patisheni ya jipsamu tuliyoijenga kwa kibali chenu cha tarehe 10 Juni 2024, tunaomba mtujulishe kwa maandishi kabla ya 30 Septemba 2025 kama mnataka iondolewe au ibaki.

Tunapendekeza ukaguzi wa pamoja Ijumaa tarehe 14 Novemba, na makabidhiano ya funguo Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa 4:00 asubuhi.

Barua hiyo ina sentensi moja tu inayositisha mkataba, nayo imeandikwa kwa kitenzi cha wakati uliopo: tunausitisha. Haikusema "tunatarajia kuondoka", wala "tunafikiria kutoendelea", wala "tungependa kuomba". Maneno ya adabu ni mazuri mahali pake, lakini notisi yenye "tunatarajia" humpa mwenye jengo nafasi ya kusema kwamba alijulishwa nia, hakupewa notisi. Kadhalika kifungu kimetajwa kwa namba. Mikataba mingi ina njia zaidi ya moja ya kuisha: kuna kifungu cha kuondoka kwa hiari, na kuna kingine cha kuusitisha mkataba kwa sababu upande mmoja umekiuka masharti. Mpangaji mwenye hasira kwa sababu ya lifti iliyoharibika huchanganya vyote viwili katika barua moja, akitaja lifti, maji na ulinzi, kisha akasema anaondoka. Akifanya hivyo amefungua mjadala wa kama ukiukaji ulikuwapo au la, wakati kifungu cha 11.2 hakikumtaka atoe sababu yoyote. Malalamiko yaandikiwe barua yake.

Sentensi ya akiba kuhusu "siku ya kwanza inayofuata" ni kinga. Ikitokea kwamba barua ilifika kwa kuchelewa, au kwamba robo zilihesabiwa vibaya, notisi haifi yote. Husogea hadi mwisho wa robo unaofuata. Bila sentensi hiyo mwenye jengo anaweza kudai kwamba notisi ya tarehe mbovu ni sawa na karatasi tupu, na mpangaji aanze upya.

Maelezo ya pango nayo hayakuwekwa kwa mapambo. Vifungu vingi vya kuondoka huongeza kwamba mpangaji asiwe anadaiwa siku ya kutoka. Hapo ndipo ile tabia ya "kula dipoziti" inapoleta madhara: mpangaji haliipi robo ya mwisho au sehemu yake, akisema mwenye jengo ajilipe kutoka kwenye amana. Amana iliwekwa kwa ajili ya uharibifu na madeni yatakayobainika baada ya ukaguzi. Anayeitumia kama pango bila kukubaliana na mwenye jengo anakuwa mdaiwa, na mdaiwa anaweza kuambiwa kwamba notisi yake haikutimiza sharti.

Kuna deni jingine ambalo si deni, na huzusha ugomvi kwenye ofisi za Tanzania kuliko watu wanavyodhani. Mpangaji anayefanya biashara hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa robo ya shilingi 3,600,000, wahasibu hawa hupeleka TRA shilingi 360,000 na mwenye jengo hupokea 3,240,000. Mwenye jengo aliyepata nyaraka za makato hayo anajua amelipwa kamili. Asiyezipata huona daftarini mwake upungufu wa shilingi 360,000 kila robo, na siku ya kuondoka hulileta jumla yake kama malimbikizo. Kwa robo saba, kuanzia Machi 2024 hadi Novemba 2025, jumla hiyo ni shilingi 2,520,000, zaidi ya amana yote. Dawa ni kuambatanisha kwenye notisi, au kukabidhi muda mfupi baadaye, uthibitisho wa kila kato.

Linabaki suala la hali ya chumba, ambalo ndilo refu kuliko yote, kwa kuwa kifungu na tarehe husomwa kwenye karatasi lakini ukuta kila mtu huutazama kwa macho yake. Kanuni ya msingi katika Sheria ya Ardhi ya Tanzania ni kwamba mpangaji hurudisha jengo katika hali aliyolikuta, isipokuwa hawajibiki kwa uchakavu wa matumizi ya kawaida, wala kwa madhara ya majanga kama moto, mafuriko au tetemeko ambayo hakuyasababisha. Mkataba unaweza kuongeza masharti juu ya hapo, na aghalabu huongeza.

Mambo ya kupima ni matatu, na kila moja lina jibu lake. Uchakavu ni kile ambacho kingetokea kwa mpangaji yeyote mwangalifu: rangi iliyofifia upande wa dirisha, kitasa kilicholegea kwa kufunguliwa mara maelfu, mikwaruzo ya viti sakafuni. Uharibifu ni kile kilichotokea kwa ajali au uzembe: kioo kilichopasuka, soketi iliyoungua kwa kubebeshwa mzigo mkubwa, funguo zilizopotea. Mabadiliko ni yale mpangaji aliyoyafanya kwa makusudi ili chumba kimfae: patisheni, viyoyozi, rafu, nyaya za mtandao. Uchakavu ni wa mwenye jengo, uharibifu ni wa mpangaji, na mabadiliko hufuata kibali kilivyosema. Ndiyo sababu notisi iliuliza mapema kuhusu patisheni. Mwenye jengo akitaka ibaki, wahasibu wameokoa gharama ya fundi. Akitaka iondolewe, wana miezi miwili ya kuifanya kazi hiyo. Akijibu siku ya mwisho ya Novemba, barua itaonyesha kwamba aliulizwa Agosti.

Bila kumbukumbu ya siku ya kuingia, mjadala wote huu hauna mizani. Mpangaji aliyepokea funguo bila orodha ya hali ya chumba hana namna rahisi ya kuonyesha kwamba ufa wa kigae ulikuwapo. Anachoweza kufanya akiwa amechelewa ni kutafuta picha za simu za siku za mwanzo, barua pepe za wakati ule, au risiti za mafundi. Aliye na orodha iliyosainiwa anaingia kwenye ukaguzi akiwa na karatasi mkononi na kupita mstari kwa mstari.

Ukaguzi wa tarehe 14 Novemba uliwekwa wiki mbili kabla ya makabidhiano kwa makusudi. Kasoro inayoonekana siku hiyo bado inaweza kutengenezwa na fundi wa mpangaji mwenyewe, kwa bei anayoijua. Inayoonekana baada ya funguo kurudi hutengenezwa na fundi wa mwenye jengo, na bei huja kama makato. Katika mfano huu mwenye jengo alikagua na kuleta orodha ya madai ya jumla ya shilingi 1,000,000: rangi ya chumba chote 480,000, dari yenye doa la maji 250,000, matundu ya viyoyozi ukutani 120,000, vigae vitatu vyenye ufa 90,000, na kitasa kipya kwa sababu ya ufunguo uliopotea 60,000.

Vigae viliondolewa mara moja, kwa kuwa orodha ya Machi 2024 iliandika "vigae 3 karibu na mlango vina ufa". Doa la dari lilihitaji maelezo zaidi. Maji yalivuja kutoka ghorofa ya juu mwezi Aprili, na wahasibu walimwandikia msimamizi wa jengo juma lile lile. Barua hiyo yenye muhuri ilitosha: uvujaji haukuwa wao, na walitoa taarifa kwa wakati. Kama wangenyamaza, dai lingekuwa gumu kukataa, kwa sababu mpangaji anayeona dari inalowa na asiseme huhesabiwa kuwa amechangia uharibifu.

Kuhusu rangi, wahasibu walidai kwamba kufifia ni uchakavu wa kawaida. Kwa kanuni ya jumla wangekuwa sahihi. Lakini kifungu chao cha 8.4 kilisema wazi kwamba mpangaji atapaka kuta rangi nyeupe kabla ya kukabidhi, na sharti lililoandikwa hushinda hoja ya uchakavu. Walikuwa na nafasi ya kupaka wenyewe kati ya tarehe 14 na 28, hawakuitumia. Matundu yalikuwa yao bila ubishi, maana viyoyozi vilikuwa vyao na wamevichukua. Kitasa pia.

Chumba kitupu maana yake ni kitupu. Kabati bovu lililoachwa kwa kuwa halipiti mlangoni, mafaili ya zamani ya wateja, hata mabaki ya patisheni yaliyolundikwa kwenye korido, humpa mwenye jengo hoja kwamba chumba hakijarudishwa. Katika baadhi ya mikataba kurudisha chumba kitupu ni sharti la notisi yenyewe kukamilika, si usafi tu, na hapo kabati moja linaweza kuzua dai la pango la robo nyingine.

Siku ya makabidhiano huandikwa karatasi moja. Inataja tarehe na saa, idadi ya funguo zilizorudishwa, namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki, usomaji wa mita ya maji, kasoro zilizokubaliwa na kiasi cha kila moja, na muda wa kurudisha amana. Picha hupigwa chumba kikiwa wazi, zikionyesha kila ukuta, dari na sakafu. Katika mfano huu makabidhiano yamefanyika Ijumaa tarehe 28 kwa kuwa tarehe 30 Novemba ni Jumapili, na karatasi ikasema kwamba mkataba wenyewe unaisha tarehe 30 kama notisi ilivyotaja, ili pasiwe na anayedai kwamba tarehe ilibadilishwa.

Baada ya notisi kupokelewa, mpangaji hawezi kuifuta peke yake. Chumba kipya kikikosekana, njia iliyobaki ni kumwomba mwenye jengo wakubaliane upya, naye ana haki ya kukataa au kupandisha pango, hasa kama amekwisha kupata mpangaji mwingine. Na anayebaki ndani baada ya tarehe aliyoiandika mwenyewe hukaa bila mkataba wa kumlinda, huku akidaiwa kwa kila siku anayokaa.

Hesabu ya mwisho ya wahasibu ilikuwa fupi. Madai yaliyokubaliwa ni rangi 480,000, matundu 120,000 na kitasa 60,000, jumla shilingi 660,000. Zikitolewa kwenye amana ya shilingi 2,400,000, zinazorudi kwa mpangaji ni shilingi 1,740,000, ndani ya siku 30 ambazo mkataba uliziweka. Mpangaji wa ofisi ambaye bado hajafikiria kuhama anaweza kuanza leo kwa kufungua mkataba wake na kutafuta vifungu vitatu: cha kusitisha, cha kupeleka notisi, na cha hali ya chumba wakati wa kukabidhi.